Nembo juu ya picha: pima mahali pabaya zaidi

Ukianza kutengeneza picha za matangazo kwa programu za akili bandia, usiombe programu ikuchoree nembo ndani ya picha. Haiinakili nembo ya mteja, bali huichora upya kwa kubahatisha, na mara nyingi herufi hutoka zimepinda au zimeongezeka. Omba mandhari tupu, kisha weka juu yake faili halisi la nembo, lile la vekta lisiloharibika likikuzwa, kwenye leya yake, yaani tabaka la peke yake juu ya picha. Kazi ya kupima kama nembo inasomeka inaanzia hapo.

Tuchukue mfano wa muuza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam. Nembo yake ina maandishi ya bluu iliyokolea, `#000080`, na samaki wa rangi ya chungwa, `#FF8C00`. Anataka picha tatu: mchanga mweupe wa Coco Beach saa sita mchana, barabara usiku, na mnada wenyewe pale Feri.

Vikokotoo vya kupima utofauti wa mwanga kati ya rangi mbili vipo bure mtandaoni. Kipimo kinaanzia 1:1, yaani hakuna tofauti, hadi 21:1, nyeusi juu ya nyeupe. Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya kurasa za mtandaoni zisomeke na watu wote, unataka angalau 3:1 kwa michoro na maandishi makubwa. Nembo zenyewe umezisamehe, lakini mimi huitumia namba hiyo kama sakafu, kwa sababu jicho la mpita njia halisamehi.

Juu ya nyeupe, maandishi ya bluu yanapata 16:1, safi kabisa, ila samaki anapata 2.3:1 tu. Juu ya nyeusi mambo yanageuka: samaki 9:1, maandishi 1.3:1. Kwa hiyo ufukweni samaki anafifia, na usiku jina la biashara linapotea lote. Hakuna maelekezo ya mandhari yatakayoponya hilo. Mwombe mteja toleo la rangi moja, jeupe kwa giza na la bluu tupu kwa mwanga. Akisema hana, mtengenezee na akuidhinishie kabla hujaendelea.

Picha ya mnada ndiyo yenye kazi, na ndipo wengi wanapodanganyika. Wanachukua rangi ya wastani ya eneo lililo chini ya nembo na kuipima. Tuseme wastani ni kijivu `#757575`. Nembo nyeupe inapata 4.6:1, na nyeusi karibu vilevile. Zote zimefaulu kwenye karatasi. Lakini ule wastani umetokana na boksi jeupe la barafu na suruali nyeusi ya mchuuzi vikiwa bega kwa bega. Herufi ya kwanza ikiangukia kwenye boksi, nembo nyeupe inabaki na 1:1, na jina linasomeka nusu. Basi tumia kidonesha rangi, kile kinachosoma rangi ya nukta moja unayoigusa: kwa nembo nyeupe, pima pale penye mwanga mkali zaidi chini ya herufi, kwa nembo nyeusi, pale penye giza zaidi.

Namba hazioni vurugu, hata hivyo. Kingo za ndoo, kamba na mikono zikipita nyuma ya herufi nyembamba huivunja hata kama rangi imefaulu. Punguza picha yote hadi nembo iwe na upana wa ukucha wa kidole gumba, ishike simu mbali kidogo, usome. Ukilazimika kukisia herufi hata moja, imeshindwa.

Dawa ya kwanza ni kurudi kwenye maelekezo. Badala ya "mnada wa samaki Feri wenye watu wengi", andika: "mnada wa samaki Feri jioni, kamera iko chini, watu na ndoo kwenye theluthi ya chini ya picha, juu anga tupu ya bluu iliyokolea, bila mabango wala maandishi." Neno jioni lina uzito, kwa kuwa anga ya mchana huwa na mwangaza wa kati usioibeba nembo vizuri. Mabango nayo hukatazwa kwa sababu programu mara nyingi huyajaza herufi za uongo zinazoshindana na nembo. Omba pia umbo la mwisho tangu mwanzo: picha ya mraba ukiikata iwe ndefu kwa ajili ya stetasi, ile nafasi ya anga itakatwa pembeni na nembo huenda isitoshe.

Ikiwa mteja ameng'ang'ania picha ya msongamano, weka leya nyeusi ya asilimia 50 chini ya nembo nyeupe. Hata boksi jeupe kabisa litashuka kuwa kijivu, na nembo itapata angalau 3.9:1 popote itakapokaa. Gharama yake ni kwamba samaki wanapoteza mng'ao, na muuza samaki hatakubali hilo. Ifanye leya ififie kuelekea chini, iwe nzito nyuma ya nembo tu, halafu upime tena ukingo wa chini wa herufi, maana hapo ndipo giza linapoanza kupungua.