Leseni imekataliwa: jibu lianzie wapi?

Neema,

Nimesoma jibu lako kwa swali la zoezi kuhusu mama aliyenyimwa leseni ya baa na bodi ya leseni. Ukurasa mzima unaeleza kwa nini anastahili leseni, kisha unaiomba Mahakama Kuu impe. Hapo ndipo alama zilipopotea. Kwenye mapitio, yaani mahakama inapopitia uhalali wa uamuzi wa chombo cha umma, mahakama haigawi leseni. Inakagua jinsi bodi ilivyofikia uamuzi wake.

Anza na mambo ya awali, aya moja fupi inatosha. Je, sheria ya leseni inampa nafasi ya kukata rufaa? Kama ipo na hajaitumia, huenda akakwama hapo hapo. Kama haipo, aombe kibali cha mahakama kwanza, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi, kwa Sura ya 310 ya sheria za Tanzania na kanuni zake za mwaka 2014. Akipata kibali, ana siku 14 za kufungua maombi yenyewe. Swali lilitaja tarehe ya barua ya kumkatalia kwa makusudi, nawe umeiruka.

Kisha ingia kwenye hoja, na hapa ndipo pa kutumia wino. Usininakilie orodha yote ya hoja za kutengua uamuzi iliyomo katika shauri la Sanai Murumbe dhidi ya Muhere Chacha (1990). Chukua tukio, litafutie hoja yake. Diwani aliiambia bodi kwamba marehemu mume wa mwombaji alikuwa na deni la ushuru wa soko. Mama hakuambiwa, wala hakuulizwa. Tukio hilo moja linazaa hoja mbili: hakusikilizwa, na bodi ilizingatia jambo lisiloihusu. Ziandike mbalimbali, kwa sababu kasoro ya pili isingepona hata kama angeitwa kujieleza.

Ila usiseme tu kwamba deni "halihusu". Fungua sheria ya leseni, onyesha bodi imeruhusiwa kuangalia nini, ndipo uonyeshe kwamba deni la mtu mwingine halimo. Soma shauri la Bukoba Gymkhana Club (1963). Klabu ilinyimwa leseni ya vileo kwa sababu ya ubaguzi katika kanuni zake za uanachama. Nia ya bodi wengi tungeiunga mkono, lakini uamuzi ulitenguliwa: mamlaka ya leseni hayakutolewa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo ubaya wa diwani, uliouandikia aya mbili, hauhitajiki kabisa.

Barua ya mstari mmoja isiyo na sababu itaje pia, lakini isiwe nguzo yako.

Mwisho, omba amri ya kutengua uamuzi, na amri ya kuilazimisha bodi isikilize ombi upya kwa kufuata sheria. Ongeza sentensi ya kumtahadharisha mteja: bodi ikisikiliza vizuri, inaweza kukataa tena, kwa mfano kama jengo halina vyoo vinavyotakiwa.

Niandikie upya sehemu ya deni tu, isizidi nusu ukurasa, uje nayo kwenye semina ijayo.