Usimnyang'anye mama diazepamu ghafla (jibu refu, soma lote)

"Wakuu, niko Bagamoyo. Mama ana miaka 63, hospitali walimwandikia diazepamu miligramu 5 kila usiku, sasa yapata miaka miwili. Tulienda msibani Chalinze dawa tukazisahau nyumbani. Siku ya tano akaanza kutetemeka na kutoka jasho, tuliporudi akameza ndipo akatulia. Shangazi anasema ameshakuwa teja, tumnyang'anye kabisa. Nimnyang'anye?"

Kama umeshazificha, zirudishe zilipokuwa kabla ya isha, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Mimi nilimnyang'anya mzee wangu, hapahapa Makorora, Tanga. Alianguka ngazini, misuli ya mgongo ikawa inambana, akaandikiwa diazepamu miligramu 10 usiku. Mgongo ukapona, kliniki wakaendelea kuandika vilevile, naye akaendelea kumeza. Vidonge viwili vya 5, vinatoka kwenye kopo la biskuti alimoweka pia kadi yake na kila karatasi ya dawa aliyowahi kupewa tangu enzi za Mwinyi. Hakuwahi kumeza vitatu. Hakuwahi kuishiwa kabla ya tarehe ya kliniki. Hakuzunguka maduka ya dawa kubembeleza. Ila akikosa siku kadhaa mfululizo, anakuwa mwepesi wa kukasirika, nami nikaona nimepata ushahidi.

Sasa kuna bwana mmoja mtaani, kajipa cheo cha mshauri kwa sababu aliwahi kukaa getini kwenye nyumba ya kurekebishia mateja. Akaniambia, "Hiyo ni arosto. Mfungie wiki moja, atapiga kelele, kisha atatoka msafi." Alisema kwa sauti ya mtu mwenye stethoskopu. Stethoskopu yenyewe hajawahi kuigusa.

Alichofanya ni kuchukua kanuni ya unga na kuibandika kwenye dawa ya usingizi. Arosto ya heroini inatesa vibaya, lakini mara chache inamuua mtu mwenye afya yake. Diazepamu na ndugu zake, akina lorazepamu na klonazepamu, ziko kundi moja na pombe katika jambo hili: ukizikata ghafla kwa mwili uliozizoea, mtu anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kufa. Huyo bwana hakulijua hilo, na mimi sikumuuliza yeyote anayelijua.

Na ujanja wa diazepamu ni kwamba inatoka mwilini polepole mno. Yenyewe na kile inachobadilika kuwa ndani ya ini vinaweza kubaki siku nyingi, hasa kwa mzee. Kwa hiyo siku za mwanzo mzee alikuwa mzima. Tukacheka, nikamtumia yule bwana vocha ya shukrani (naam, vocha, cheka tu). Ilipokaribia wiki akaanza kutetemeka mikono, kikombe kikawa kinagonga sahani. Akalia kwamba pikipiki barabarani zinampasua kichwa, tukafunga madirisha na joto la Tanga lote likabaki ndani. Usingizi ukaisha kabisa. Yule bwana akasema, "Umeona? Uteja unatoka huo." Usiku uliofuata mzee akakakamaa kitandani, macho juu, povu mdomoni.

Hospitali daktari aliuliza mara mbili, "Ameacha dawa gani?" Mara ya kwanza nikasema hakuna, kwa aibu. Mara ya pili nikasema. Wakamchoma diazepamu. Ileile niliyoitupa chooni, sasa nailipia kwa sindano.

Asubuhi yake daktari alinieleza nilichotakiwa kukijua tangu mwanzo. Ubongo una kemikali ya kutuliza inayoitwa GABA, na diazepamu inaiongezea nguvu. Ukimeza kila siku kwa wiki kadhaa, ubongo unajirekebisha, unapunguza mwitikio wake ili mizani irudi. Ni mtu anayesukuma mlango kwa ndani kwa sababu kuna anayesukuma kwa nje: wa nje akiondoka ghafla, wa ndani anaangukia barazani. Huko kutetemeka kwa mama yako siku ya tano ndiko huko kuanguka. Kunaweza kumpata yeyote aliyemeza muda mrefu, awe shehe, awe padri, awe shangazi mwenyewe.

Uraibu ni jambo jingine. Hapo unatazama mwenendo: anameza zaidi ya alichoandikiwa, vinaisha kabla ya siku, anadanganya madaktari wawili apate karatasi mbili, anatamani dawa mchana kutwa, anaendelea hata inapomwangusha au kumgombanisha na watu. Mtu mwenye karatasi ya hospitali anaweza kuyafanya hayo yote, sikatai. Lakini kutetemeka peke yake hakuthibitishi. Hata mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, unasema kuzoea dozi na kuugua ukiiacha havihesabiwi kuwa dalili za uraibu kwa mtu anayemeza kama alivyoandikiwa chini ya uangalizi wa daktari. Mbona anayekatiwa prednisoloni ghafla baada ya miezi anazidiwa na hakuna anayemwita teja?

Kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka mnifungie akaunti: dozi inashuka kwa ngazi, na ngazi anazipanga daktari.

Mzee alirudishwa kwanza kwenye miligramu 10 zake mpaka akatulia. Kisha wakaanza kumpunguzia robo ya kidonge cha 5, yaani 1.25, na kila hatua anakaa wiki mbili hadi nne. Akitetemeka, anabaki hapohapo. Sasa sikiliza penye mtego. Robo hiyo ukiitoa kwenye 10 ni sehemu ya nane ya dozi. Alipofika 5, robo ileile imekuwa robo ya dozi nzima, mara mbili kamili ya pigo la mwanzo, ndiyo maana wengi wanakwama mwishoni na kuambiwa "umeona, ni teja." Daktari akambadilishia vidonge vya miligramu 2, ambavyo robo yake ni 0.5, akashuka kutoka 5 hadi 4.5 na kuendelea hivyo. Ilichukua miezi. Mama yako anaanzia 5, kwa hiyo yeye yuko kwenye sehemu ngumu tangu ngazi ya kwanza. Usichukue hesabu za mzee wangu ukamkatia wewe kwa wembe jikoni.

Na sisemi aendelee kumeza milele. Kwa umri wake dawa hii inaangusha watu usiku wakienda msalani na inasahaulisha, na ikikutana na pombe au tramadoli inaweza kuzima pumzi. Sababu za kuiacha zipo tele. Shangazi amepata hiyo moja tu isiyokuwepo.

Kesho nenda naye kwa aliyemwandikia, beba pakiti na kadi, umsimulie ya Chalinze: amekaa siku ngapi bila dawa, nini kilianza lini, alipomeza ilichukua muda gani kutulia. Omba ratiba ya kushusha iandikwe kwenye karatasi. Ikitokea tena akakosa dawa akaanza kukakamaa, kuona vitu visivyokuwepo au kuongea ovyo, mkimbizeni hospitali usiku huohuo na mtaje dawa pamoja na siku aliyomeza mara ya mwisho, kabla daktari hajauliza mara ya pili. Na huyo shangazi msomee jibu hili, akibisha mpe akaunti yangu aje tubishane huku.