Kipara changu kilitoka kwa baba, si kwa mjomba

"Wakuu, nina miaka 26 na nywele za mbele zimeanza kurudi nyuma. Bibi anasema kipara kinapitia kwa mama kama upofu wa rangi, ila wajomba zangu wote wana nywele kichwa kizima. Imekuwaje?"

Mkuu, huku kwetu Newala ukoo ni wa upande wa mama, ndiyo maana mjomba anasingiziwa mpaka kipara. Mimi nilianza kupata uwazi nikiwa na miaka 28. Baba ana kipara, babu mzaa baba naye alikuwa nacho, na wajomba zangu watatu bado wanalipa kinyozi bei kamili.

Mwanaume hupata kromosomu X kwa mama na Y kwa baba. Kwa hiyo kitu kinachobebwa na X baba hawezi kumpa mwanawe wa kiume. Upofu wa rangi nyekundu na kijani uko hivyo, nao upo kwetu pia. Mtoto wa dada yangu, msimu wa korosho, anapita chini ya mkorosho na kuyaacha mabibo mekundu juu katikati ya majani. Anayaona ya njano tu. Baba yake anaona vizuri. Aliyekuwa na shida hiyo ni babu yangu mzaa mama. Ilipita kwa mama na dada bila kuonekana, kwa sababu X yao ya pili ilikuwa nzima. Mimi nilipata hiyo nzima.

Kipara hakifuati njia hiyo. Jeni zake ni nyingi, nyingi ziko kwenye kromosomu za kawaida ambazo wazazi wote wawili hutoa. Kinachotofautisha mume na mke ni homoni. Mwaka 1942 mtafiti Mmarekani, Hamilton, alieleza kuwa wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata kipara. Walipopewa testosteroni, wenye ndugu wenye vipara wakaanza kupoteza nywele. Jeni zilikuwepo muda wote, zimelala. Shangazi yangu, dada wa baba, anazo pia: nywele zake zimepungua utosini tangu akome hedhi, ila paji la uso halikurudi nyuma. (Zikikatika pembeni tu kwa msichana, kwanza angalieni rasta za kubana.)

Bibi hakukosea kote, lakini. Jeni moja yenye nguvu, ya kipokezi cha homoni hizo, iko kwenye X, kwa hiyo upande wa mama una mchango. Ila hauamui peke yake.

Usichanganye na sifa za jinsia moja tu. Jogoo wangu hajawahi kutaga, lakini nilimchagua kwa kuwa mama yake alikuwa mtagaji, na mitetea yake imefuata. Jogoo anabeba jeni za utagaji, hana tu mwili wa kuzionyesha. Kipara angalau shangazi anakionja.

Sasa waangalie baba yako na baba zako wadogo, ukianzia miaka 40 kwenda juu. Wajomba waache wapumzike.