Bomba kwanza, mkasi baadaye: vipimo vya pazia la sebuleni

Fundi cherehani anayeijua kazi yake, ukimpelekea kitambaa cha pazia, atakuuliza kabla ya kushika mkasi: bomba la pazia limeshafungwa ukutani? Kama bado, mwambie asubiri. Urefu wa pazia hupimwa kutoka kwenye bomba, si kutoka kwenye dirisha, na bomba likipanda au kushuka sentimita 5 baada ya kitambaa kukatwa, hakuna pasi itakayoficha kosa hilo. Pazia litaning'inia juu ya sakafu kama suruali ya mtoto aliyerefuka likizo, au litaburuta na kuzoa maji ya deki.

Tuchukue dirisha moja la kawaida la sebule tulipime hadi mwisho. Upana wake ni sentimita 180 na kimo 120. Ukingo wa chini uko sentimita 90 kutoka sakafuni, kwa hiyo ukingo wa juu uko 210. Dari liko 285. Pazia ni la ringi, zile pete za chuma au plastiki zinazobanwa kwenye kitambaa na kupitishwa kwenye bomba.

Juu ya dirisha kuna ukuta mtupu wa sentimita 75. Wengi hufunga bomba sentimita 10 juu ya fremu kwa sababu ndivyo walivyoona kwa jirani, na matokeo yake ni ukanda mpana wa ukuta uliobaki wazi juu ya pazia, dari likaonekana limeshuka. Kwenye ukuta wa namna hii bomba linapendeza likipandishwa karibu na nusu ya nafasi hiyo, yaani sentimita 30 hadi 40 juu ya fremu. Kama nafasi yote ni sentimita 25 tu, lisogeze karibu kabisa na dari, ukiacha sentimita 5 hadi 8 ili ringi na mkono wako vipite.

Lakini kabla ya kulipandisha kadiri jicho linavyotaka, angalia kitambaa. Vitambaa vingi vya pazia vinavyouzwa Kariakoo na kwingineko vina upana wa sentimita 280 kwenye jora, na hushonwa kwa kulazwa: upana wa jora unakuwa kimo cha pazia, nawe unanunua mita kwa kufuata upana wa bomba. Hapo unapata pazia lisilo na mshono katikati, ila kimo chake hakiwezi kuvuka zile 280, na pindo zote zinatoka humo humo. Kitambaa ndicho kinachoamua bomba lifike wapi.

Hesabu yake ni hii. Tuseme sehemu ya juu ya bomba iko sentimita 245 kutoka sakafuni, yaani 35 juu ya fremu. Toa sentimita 1 ya kuachia sakafu, inabaki 244. Kitambaa cha pazia la ringi hupanda juu ya bomba kidogo, kiasi cha sentimita 3, kwa hiyo pazia likiisha kushonwa linakuwa 247 kutoka ncha ya juu hadi chini. Ongeza 10 za kukunja juu, pale ringi zinapobanwa, na 20 za pindo la chini lenye mikunjo miwili ya 10. Jumla ni 277. Zimebaki sentimita 3 za kunyoosha ukingo ambao haukukatwa sawa dukani. Ukipandisha bomba hadi 260, hesabu inafika 292 na kitambaa hakitoshi. Fundi atakachofanya, mara nyingi bila kukuambia, ni kupunguza pindo la chini hadi sentimita 2 au 3, na hapo ndipo pazia linapoanza kupeperuka na kujikunja chini. Pindo pana la chini ndilo linalolipa pazia uzito wa kuanguka wima.

Ukitaka bomba juu zaidi ya hapo, nunua kitambaa cha upana wa 150 kinachosimamishwa na kuunganishwa pembeni. Kina mishono, lakini kimo unakata unavyotaka. Angalia pia maua: kama michoro yake inapanda kwa kufuata urefu wa jora, ukikilaza maua yatalala ubavu.

Sasa upana. Bomba lenye urefu wa dirisha tu, sentimita 180, hufanya pazia lililofunguliwa libaki mbele ya kioo, na sebule inapoteza mwanga mchana kutwa. Pazia likisukumwa pembeni linajikusanya lakini halipotei. Kwa pazia la ringi 16, fungu hilo huwa kati ya sentimita 30 na 35 kutegemea unene wa kitambaa. Kwa hiyo bomba lizidi dirisha kwa 30 kila upande, jumla 240, na hapo mapazia yakifunguliwa yanakaa ukutani na kugusa fremu tu. Hizo 240 ni za bomba lenyewe bila vichwa vya mapambo vya mwisho. Dukani uliza urefu ulioandikwa umehesabu vichwa au la, maana tofauti inaweza kufika sentimita 20.

Kama upande mmoja kuna kona ya ukuta na nafasi ni sentimita 10 tu, usilazimishe ulinganifu. Shona pazia moja pana la kusukumwa upande wenye nafasi, na bomba lizidi upande huo kwa sentimita 60 hivi.

Bomba la 240 linahitaji vishikio vitatu. Kitambaa cha pazia letu ni kama mita za mraba 14, na kikiwa cha uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, bomba linabeba zaidi ya kilo 4 kabla hujaweka pazia jepesi la ndani. Likishikwa ncha mbili tu litabonyea katikati, ringi zitateleza kuelekea huko, na mapazia yatajifunga yenyewe taratibu hadi jioni. Kishikio cha katikati hakisumbui, kwa kuwa kila pazia linatembea upande wake. Vile vya pembeni viweke sentimita 5 hadi 8 ndani ya ncha, kisha ringi moja ya mwisho ivuke ikae nje ya kishikio. Ringi hiyo inazuia ukingo wa pazia usivutwe ndani kila unapolifunga.

Mabomba ya kuvutwa, yale mawili yanayoingiana, yana kasoro ya kiungo: ringi hukwama pale bomba nene linapoanza. Panga kiungo kikae kwenye kishikio cha katikati, mahali ambapo ringi hazina haja ya kupita.

Kuhusu kutoboa. Katika nyumba nyingi za matofali ya saruji, lenta hupita moja kwa moja juu ya dirisha, mara nyingi ikiwa na kimo cha karibu sentimita 20. Tundu la sentimita 10 hadi 15 juu ya fremu litaangukia kwenye zege, na humo unahitaji drili ya kugonga. Ukigota kwenye chuma, usiendelee kusukuma, hiyo ni nondo; sogeza sentimita 2 au 3. Kwa 35 juu ya fremu umeshavuka lenta na uko kwenye tofali. Hapo kutoboa ni rahisi, ila tofali laini linamomonyoka: toboa kwanza bila kugonga, tumia plagi ya milimita 8 na skrubu ya urefu wa milimita 50 au zaidi. Lipu peke yake, ambayo ni kama sentimita 2, haishiki kitu. Plagi iliyoishia ndani ya lipu ndiyo inayong'oka na kipande cha rangi siku mtoto akivuta pazia.

Weka alama za vishikio kwa pima maji, si kwa kupima kutoka sakafuni kila upande, kwa kuwa sakafu nyingi zina mteremko. Kuna hali moja tu ya kuliacha pima maji: bomba likiwa karibu sana na dari, na dari lenyewe limepinda. Jicho litalinganisha bomba na dari, kwa hiyo fuata dari. Ni udanganyifu, lakini unapendeza.

Bomba likishafungwa, ndipo unapima kimo. Pima kutoka juu ya bomba hadi sakafuni mahali patatu: kushoto, katikati, kulia. Ukipata 245, 244.5 na 246, shona kwa kufuata ile fupi. Ile sentimita 1 ya chini inatosha kwa nyumba ya vigae inayopigwa deki kila siku. Ikifika 4 au 5, pazia linaonekana limekosewa. Kama kuna kochi lililoegemea ukuta chini ya dirisha, pazia lishuke sentimita 15 hadi 20 chini ya ukingo wa dirisha na liishie hapo. Linaloishia nusu ya njia kati ya ukingo wa dirisha na sakafu halieleweki ni refu au fupi. Kitambaa cha pamba kifuliwe kabla ya kukatwa: kikirudi asilimia 3 tu, pazia letu linapungua sentimita 7. Poliesta haina tabia hiyo.

Kilichobaki ni kujaa. Pazia la ringi linataka kitambaa mara mbili ya bomba: 240 mara 2 ni 480, yaani mapazia mawili ya 240 kila moja. Ongeza 10 kwa kila moja za pindo za pembeni, unapata mita 5 za kitambaa cha 280. Mwenye kubana matumizi atanunua mita 3 na nusu, na pazia likifungwa litanyooka kama shuka lililoanikwa. Shia, lile pazia jepesi la ndani, ipe mara mbili na nusu hadi tatu kwa sababu ni nyepesi. Kwa kitambaa cha 150 unahitaji vipande vinne vya kama mita 2.8, karibu mita 11.2, kabla ya kuongeza za kulinganisha maua.

Idadi ya ringi iwe shufwa kwa kila pazia. Zikiwa 16, kingo zote mbili zinageukia ukutani. Zikiwa 15, ukingo mmoja utatokeza kuelekea sebuleni na mawimbi hayatakaa sawa hata ukiyapanga kila asubuhi. Kwenye pazia la 240, anza sentimita 6 kutoka ukingoni, kisha acha sentimita 15.2 kutoka kitovu cha ringi moja hadi kingine. Mwambie fundi azipange zote kwa chaki kabla ya kukata tundu la kwanza, kwani tundu la ringi halizibiki.