Ile koili ya juu si seng'enge

"Wakuu, huu ni uzio wa jirani yangu hapa Njiro. Naomba majina ya hizo waya niende nayo dukani."

Mkuu, chini ni chenilinki, si weldimeshi kama alivyosema mdau wa kwanza. Kuza picha uangalie nyaya zinapokutana: zimepinda zikashikana kama ndoano, ndiyo maana matundu yamekaa mshazari. Za weldimeshi zimenyooka na zimechomelewa kila zinapokatizana. Ukinunua chenilinki, chukua na waya wa kuivutia juu na chini, la sivyo itafanya tumbo.

Juu ni waya wa wembe. Seng'enge ya miba ni nyuzi mbili zilizosokotwa, na miba imefungwa humo. Hiyo kwenye picha ni bati bapa lenye makali, tena imekaa duaraduara. Fundi avae glavu nzito za ngozi.

– Mimi huku Moshi nimeweka seng'enge mistari minne, mbuzi wanapita tu.

– Mama, kwa mbuzi ungeweka wavu. Mkuu, ile mistari myembamba ya kwenye kona siioni vizuri, inaweza kuwa ya umeme. Piga picha ya karibu.