Mizigo ya zabibu: majedwali au hati?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Natengeneza mfumo wa AMCOS ya wakulima wa zabibu huku Mpunguzi, wanachama kama 1,200. Kila mmoja ana mashamba, mikopo ya pembejeo na mizigo anayoleta kwenye mzani, na fomu za ukaguzi zinabadilika kila msimu. Fundi mmoja kanishauri nitumie MongoDB, kila mkulima awe hati moja yenye kila kitu ndani, kwa kuwa data zangu hazina umbo maalumu na zitakuja kuwa kubwa. Nimfuate?

Jibu: Usimfuate. Tumia PostgreSQL, na mizigo iwe na jedwali lake.

Hilo neno la "data hazina umbo" naletewa karibu kila wiki, na mara nyingi anayelisema hajawahi kukaa na mhasibu wa chama hata saa moja. Mzigo wa zabibu una umbo: nani kaleta, lini, kilo ngapi, daraja gani, bei gani, mnunuzi nani. Msimu ujao utakuwa vilevile. Kinachobadilika ni fomu ya ukaguzi peke yake, na fomu moja haitoshi kuamua kanzidata nzima.

Kinachoamua ni maswali. Chukua daftari uandike nani atauliza nini, na mara ngapi kwa siku. Mkulima anauliza salio lake: swali hilo linaanzia kwa mkulima, na hati moja yenye kila kitu inalijibu vizuri. Lakini mhasibu jioni anauliza kila mnunuzi amechukua kilo ngapi leo ambazo hajalipia. Katibu anataka mizigo yote ya daraja la pili tangu msimu uanze. Bodi inataka wadaiwa wa pembejeo ambao hawajaleta mzigo wowote. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloanzia kwa mkulima mmoja.

Kwenye majedwali, swali la mhasibu ni hili:

```sql
SELECT mnunuzi_id, SUM(kilo)
FROM mizigo
WHERE tarehe = '2025-08-14' AND NOT imelipwa
GROUP BY mnunuzi_id;
```

Weka indeksi kwenye `tarehe`, na kanzidata itasoma mizigo ya siku hiyo tu. Kwenye hati za fundi wako, mizigo imefungiwa ndani ya wakulima. Indeksi ya `mizigo.tarehe` itakupa wakulima walioleta mzigo siku hiyo, ila kila hati inakuja nzima, na mizigo ya miaka yote. Inabidi uifumue kwa `$unwind`, kisha utupe karibu yote uliyoifumua. Mwaka wa kwanza hutaona tofauti. Utaiona ripoti ya jioni inapozidi kuwa nzito kila msimu, ilhali idadi ya mizigo ya siku haijaongezeka.

Fundi atakujibu kwamba mizigo inaweza kuwekwa kwenye mkusanyo wake ndani ya MongoDB. Ni kweli. Ila hapo umeshachora majedwali, na umepoteza `REFERENCES`, ile kanuni inayomkataza karani kuingiza mzigo wa namba ya mwanachama ambaye hayupo. Ukaguzi huo utauandika mwenyewe kwenye programu, kila mahali panapoingia mzigo, na siku moja utasahau mahali pamoja. Malipo nayo yanagusa vitu vitatu kwa mpigo: mzigo umelipwa, mkopo umepungua, risiti imetoka. MongoDB inaweza kufunga hayo kwenye muamala mmoja tangu toleo la 4.0 la mwaka 2018, lakini si kwa seva moja iliyosimama peke yake bila kusanidiwa kama `replica set`. Waulize wanaokuuzia kama wamekueleza hilo.

Fomu za ukaguzi ndiyo sehemu pekee inayofaa hati: inaandikwa mara moja, inasomwa nzima, haijumlishwi na kitu. PostgreSQL ina aina ya safu iitwayo `jsonb` tangu toleo la 9.4. Jedwali la ukaguzi liwe na namba ya shamba, tarehe, na safu moja ya `jsonb` ya majibu. Swali la fomu likianza kutumika kupanga daraja au bei, litoe humo ulipe safu yake.

Na hiyo "data kubwa"? Hata kila mwanachama akileta mizigo 60 kwa mwaka, ni mistari 72,000. Laputopu ya kawaida inaibeba bila shida. Wanaotisha vyama kwa ukubwa ambao hautafika wananiudhi kuliko wote, kwa sababu wanaoumia ni wakulima wanaosubiri malipo huku mhasibu akijumlisha upya kwa kikokotoo.

Kwa hiyo chama chochote, kiwe cha zabibu hapo Mpunguzi au cha alizeti Singida, kisikubali maonyesho ya mkulima mmoja anayependeza kwenye skrini. Mpe fundi mizigo ya misimu miwili na maswali ya mhasibu, aandike msimbo wa kuyajibu mbele yako. Kisha mwambie aingize mzigo wa mwanachama asiyekuwepo, uone kama kanzidata itaukataa.