Chura mnene nyuma ya tangi: ngozi, mboni, miguu na mkao

Swali: "Tangu mvua zianze, kuna chura mnene anatoka nyuma ya tangi la maji hapa Bagamoyo. Mgongo wake unaparuza na muda mwingi amekaa tu chini. Nitajuaje kama ni yule mwenye sumu au ni chura wa kawaida? Nina mbwa."

Ndugu yangu, huku pwani maelezo hayo yanawafaa vyura wawili tofauti. Wa kwanza ni chura wa chunjua, wa jamii ya Bufonidae, ambaye mara nyingi huwa ni Sclerophrys gutturalis, anayependa kukaa chini ya taa za nyumba akisubiri wadudu. Wa pili ni Pyxicephalus edulis, ambaye hujifukia ardhini wakati wa kiangazi na kuibuka mvua kubwa zinaponyesha. Wote wawili ni wanene, wote wana mgongo unaoparuza, na nimewakuta zaidi ya mara moja kwenye dimbwi lilelile.

Kwenye ngozi, usiishie kuuliza kama inaparuza, bali tazama jinsi ilivyojipanga. Chura wa chunjua ana vinundu vya mviringo, vikavu, vilivyotapakaa mgongoni na ubavuni bila mpangilio, ilhali Pyxicephalus ana mikunjo ya ngozi iliyolala kwa urefu kutoka kichwani kwenda nyuma, mingine ikiwa imekatikakatika. Kisha sogeza macho nyuma ya jicho, kwa sababu hapo ndipo penye jibu lenyewe. Chura wa chunjua ana tezi nene iliyovimba, inayoanzia nyuma ya jicho na kupita juu ya sikio kuelekea begani, na ukiimulika kwa tochi kutoka ubavuni utaona vitundu vidogo juu yake. Mbwa akimng'ata, tezi hiyo hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na huo ndio wenye sumu. Pyxicephalus hana tezi hiyo. Mbwa akimng'ata chura wa chunjua, msafishe mdomo kwa maji huku kichwa chake kikiwa kimeinama ili asiyameze, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa.

Mboni inasaidia kwa upande mmoja tu. Chura wa chunjua ana mboni iliyolala, lakini Pyxicephalus naye ni hivyohivyo, na hata vyura wembamba wa mashamba ya mpunga, wa jenasi ya Ptychadena, wana mboni ya namna hiyo. Kwa hiyo mboni iliyolala haikuthibitishii kitu. Ukiona mboni iliyosimama wima, hapo unaweza kusema kwa uhakika kwamba huyo si chura wa chunjua, na kwa huku kwetu mara nyingi atakuwa chura wa jenasi ya Kassina au ya Leptopelis. Usiku mboni hupanuka hadi ikaonekana karibu ya mviringo, basi mwache kwenye mwanga kwa muda mfupi mpaka ijikaze, ndipo uisome.

Miguu ya nyuma ndiyo inayowapotosha watu wengi, kwa kuwa tumezoea kwamba miguu mifupi ni ya chura mwenye sumu. Kanuni hiyo inafanya kazi vizuri ukimlinganisha na Ptychadena: ukiulaza mguu wake taratibu kuelekea mbele, ubavuni mwa mwili, kisigino hupita ncha ya pua, wakati cha chura wa chunjua hakifiki hata jichoni. Pyxicephalus, hata hivyo, ana miguu mifupi na minene kwa sababu anaitumia kuchimba, na chini ya wayo wake kuna uvimbe mgumu wenye makali kama jembe. Miguu mifupi peke yake, basi, isikufanye uhukumu.

Mkao nao una mipaka hiyohiyo. Ptychadena huketi ameinua kichwa, mapaja na miundi vimekunjwa tayari kuruka, na ukimkaribia huondoka kwa mruko mmoja mrefu. Chura wa chunjua hukaa chini, na akisumbuliwa hutembea au huruka hatua fupifupi. Pyxicephalus pia hukaa chini, lakini ukimchokoza hujijaza hewa, hufungua mdomo na huweza kuuma, maana kwenye taya la chini ana vichomozo viwili vinavyofanana na meno. Mchokoze kwa kijiti, si kwa kidole.

Kwa maelezo uliyotoa, siwezi kumtaja kwa jina. Piga picha ya kichwa kutoka ubavuni, ionyeshe jicho, sikio na bega kwa pamoja, na nyingine ya mgongo kutoka juu. Kama ni mdogo, chini ya sentimita tatu hivi, piga kwa karibu zaidi, kwani kwa watoto wa chura wa chunjua tezi huwa bado hazijavimba vya kutosha, na unaweza kudhani hazipo.